Maandishi ya Kutani: Picha za Meru na Embu na Neno "Sijui"

Picha ya kwanza ilinijia siku ya Alhamisi baada ya swala ya alasiri, nikiwa nimeketi barazani na kikombe cha kahawa. Aliyeileta kwa simu ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye anasomesha Kiswahili katika shule moja ya sekondari huko Embu. Chini ya picha ameandika: "Shikamoo mjomba. Nisomee hii. Tunatengeneza maonyesho ya maandishi ya mitaani, na kila picha yataka maelezo yake." Nikatazama. Ukuta wa mawe nyuma ya mabanda ya wauza mboga, na juu ya ukuta maandishi makubwa ya rangi ya buluu yaliyofura kama maandazi. Sikukawia. Nikamjibu kuwa imeandikwa MBOGA 014, na kwamba bila shaka ni tangazo la muuzaji, na hiyo 14 ni bei ya zamani ya fungu.

Ndugu msomaji, nilikosea mara tatu katika jibu moja. Nilikosea herufi, nikakosea tarakimu, na nikakosea kusema "bila shaka". Kosa la tatu ndilo lililoniudhi zaidi, kwa sababu yale mawili yalitokana na ugeni wangu, bali hili lilitokana na ulimi wangu mwenyewe.

Nianze na herufi. Vijana wanaochora majina ukutani kwa rangi ya kopo la kupuliza hawaandiki kama tuandikavyo kwa kalamu. Kwanza huchora mifupa ya herufi kwa mstari mwembamba. Kisha huivika nyama pande zote mpaka ikafura, wakaijaza rangi, wakaizungushia mstari mweusi wa nje, na mwisho wakaitia kivuli upande mmoja ili ionekane imesimama mbele ya ukuta. Kila hatua inapoteza kidogo sura ya mfupa. Jicho la ndani la herufi O au B hupungua likawa tundu la sindano. Herufi hupandiana mabega, hata ncha ya moja ikaonekana kuwa ni kiungo cha nyingine. Na kivuli, ambacho si sehemu ya herufi, humdanganya mgeni akakihesabu kuwa ni mguu wa ziada.

Hivyo ndivyo nilivyodanganyika. Herufi ya mwisho ya neno lile ilikuwa ni I, nene, iliyochongwa mshale juu. Kivuli chake kikateremka upande wa kulia kwa mshazari, na mimi nikaona miguu miwili iliyokutana kileleni, yaani A. Macho yalikuwa yamekwisha kuona mafungu ya sukuma wiki chini ya ukuta, na moyo ukamaliza kazi iliyobaki. Mpwa wangu akanijibu kwa adabu: "Mjomba, wanafunzi wangu wanasema si mboga."

Basi nikaifanya kazi kama ilivyostahiki kufanywa tangu mwanzo. Nikaipeleka picha kwa mpiga chapa wa mtaani kwetu akanikuzia kwenye karatasi ya ukubwa wa gazeti. Nikaweka juu yake karatasi nyembamba ipitishayo mwanga, nikachukua penseli, nikafuata katikati ya kila herufi, si ukingo wake. Hiyo ndiyo njia ya kurudi kwenye mifupa. Kivuli nilikitambua kwa kanuni moja nyepesi: mchoraji akitia kivuli, hukitia upande uleule kwa herufi zote, kama jua lilivyo moja. Kila herufi ilikuwa na weusi upande wa kulia kwa chini. Nilipoufuta weusi huo kutoka herufi zote, ile A yangu ikabaki na mguu mmoja. Kisha nikatafuta kama herufi hiyo imetokea tena mahali pengine kwenye picha ileile, kwa sababu mkono wa mtu huwa na mazoea yake. Pembeni, kwa herufi ndogo, mchoraji alikuwa ameandika lakabu yenye A halisi ndani yake, na A hiyo ilikuwa na kitovu katikati, nyota ndogo mahali pa ule mstari wa kulala. Ile ya neno kubwa haikuwa na nyota. Kwa hiyo neno ni MBOGI.

Mbogi ni neno la Sheng, ile lugha ya vijana iliyozaliwa katika mitaa ya Nairobi na ikapanda matatu mpaka kila mji wa Kenya. Maana yake ni kundi la vijana wanaokaa pamoja, kutembea pamoja na kusaidiana. Na tarakimu 014 si bei. Katika Jedwali la Kwanza la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kaunti 47 zimeorodheshwa kwa nambari, ya kwanza ikiwa ni Mombasa, na vijana wa kwetu hujiita watu wa 001 kwa fahari. Katika orodha hiyo Meru ni ya 12, Tharaka-Nithi ya 13 na Embu ya 14. Sifuri iliyotangulia ndiyo iliyopaswa kunishitua: hakuna muuza mboga anayeandika sifuri mbele ya bei yake. Mtu mwingine angeweza kudhani ni mwaka 2014, na dhana hiyo si ya kipuuzi. Lakini katika picha ya tano, iliyopigwa karibu na Makutano mjini Meru, kuna ukuta wenye 012 kwa mtindo huohuo. Tarakimu mbili katika miji miwili, kila moja ikilingana na nambari ya kaunti yake, ni ushahidi wenye uzito kuliko mmoja peke yake.

Mpwa wangu akafurahi, akataka kuandika chini ya picha: "Genge la Embu". Hapo nikamwomba asubiri. Mbogi aweza kuwa ni genge la wahuni, na aweza kuwa ni vijana wanne waliosoma darasa moja na sasa wanaosha magari pamoja. Neno lenyewe halibagui. Na ukuta ule uko hatua chache kutoka shuleni kwake, na huenda aliyeandika ni kaka wa mmoja wa wanafunzi watakaokuja kutazama maonyesho na wazazi wao. Tukiandika "genge" tumempa mtu hukumu ambayo picha haikuitoa. Tukaandika: "Mbogi ya Embu. Mbogi ni kundi la vijana. Kama ni la urafiki tu au la jambo jingine, maandishi hayasemi."

Kutokana na picha hiyo nikamwekea mpwa wangu utaratibu, naye akauandika katika daftari. Kila picha ipewe mistari minne badala ya mmoja. Wa kwanza ni herufi kama zilivyo, bila kusahihisha tahajia ya mtu. Herufi iliyofutika lakini tumeikisia iwekwe ndani ya mabano ya mraba, na kwa kila herufi isiyosomeka kabisa iwekwe nukta moja, ili msomaji ajue ni ngapi zimekosekana. Mstari wa pili ni lugha tunayodhani imetumika. Wa tatu ni maana ya maneno. Wa nne ni kusudi la mwandishi, yaani alitaka nini kwa kuandika hapo. Na kila mstari ubebe alama yake peke yake: hakika, yumkini, au sijui. Kosa la kawaida ni kuipa picha nzima alama moja. Mtu akiwa na hakika ya herufi, hakika hiyo humpanda kichwani akaitia katika maana, na kutoka kwenye maana akaitia katika kusudi. Kwa MBOGI 014 tuliandika hakika kwenye herufi, hakika kwenye lugha, yumkini kwenye maana ya tarakimu, na sijui kwenye kusudi.

Sisi tuliosoma chuoni tusingehitaji kufundishwa haya na mtu wa mbali. Maandishi ya Kiarabu ya zamani sana yaliandikwa bila nukta. Be, te, the, nuni na ye katikati ya neno zote ni jino moja tu dogo, na msomaji ndiye aliyejua lipi ni lipi. Wazee wetu walipoandika Kiswahili kwa herufi hizo, shida ikaongezeka, kwa kuwa be moja ilibeba sauti ya b, ya p, na pengine ya mb. Mombasa alikuwako Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, ambaye alikusanya mashairi ya Muyaka pamoja na Mwingereza Taylor, akatengeneza alama za kupambanua sauti hizo, na akaandika maelezo pembeni ya maneno yaliyokwisha kuwa magumu. Jina lake hunichekesha kila nikilikumbuka, Sikujua, naye ndiye aliyejua. Na imesimuliwa kuwa Imamu Malik aliulizwa maswali 48, na katika 32 akajibu kuwa hajui.

Huko Meru na Embu nako kuna nukta zao zinazopotea. Kimeru na Kiembu zina irabu saba, si tano kama zetu. Katika vitabu irabu mbili za ziada huandikwa kwa i na u zilizotiwa alama juu yake, kofia au wimbi. Jina la Meru lenyewe ni mfano: wenyewe huliandika kwa i yenye alama, na sisi kwa kusikia tukaliandika kwa e. Mchora vibao na kijana wa rangi ya kupuliza hawaziweki alama hizo, basi kila i na kila u ukutani yaweza kuwa mojawapo ya sauti mbili. Asiyezaliwa na lugha hiyo asijipe hakika. Kinachoweza kumsaidia ni kutambua angalau ni lugha ipi. Neno likianza na nk, nt au nch, kama majina ya Nkubu na Nchiru, aghalabu ni Kimeru. Likiwa na v, kama Evurore na Mavuria za Mbeere, basi yumkini ni la upande wa Embu, kwani Kikikuyu, jirani yao, hakina v katika maneno yake. Kutoka hapo mpwa wangu humpelekea picha mwalimu mwenziwe aliyezaliwa huko.

Na namna ya kumuuliza ina adabu yake. Usimwambie mtu, "Hii ni kundi la wahuni, sivyo?" Atakuambia ndiyo, ama kwa heshima ama kwa haraka. Mwonyeshe picha, unyamaze, mwache asome mwenyewe. Kisha nenda kwa wa pili ambaye hakumsikia wa kwanza. Wakiafikiana, una kitu mkononi. Wakihitilafiana, andika kauli zote mbili. Mpwa wangu alipofanya hivyo kwa neno moja la Sheng alipata maana tatu kwa watu wanne, na wote wanne walikuwa vijana wa mtaa mmoja.

Picha ya tisa ilitoka upande wa Maua, katika nchi ya Igembe kwenye vilima vya Nyambene, ambako miraa ndiyo maisha. Ni ubao wa mbao uliopigiliwa kwenye mlango wa kibanda, umeandikwa kwa mkono KANGETA KILO, na baada yake karatasi ya bei iliyochanika ikabakisha tarakimu 5 tu. Mtu wa Pwani atasoma upesi: mahali panaitwa Kangeta, na kitu fulani kinauzwa huko kwa uzito wa kilo. Mji wa Kangeta kweli upo. Lakini kangeta ni jina la aina ya miraa pia, ile ya vijiti virefu, kama giza lilivyo jina la ile fupi. Na kilo katika biashara hiyo haina uhusiano wowote na kilo ya mizani. Ni furushi, ambalo kwa kawaida hufungwa kwa shurba kumi, na shurba ni kifungu kidogo cha vijiti. Hakuna mizani kibandani. Mnunuzi huhesabu kwa macho na vidole. Kwa hiyo maneno mawili yanayofahamika na kila mtu yalikuwa ndiyo mitego mibaya zaidi katika mkusanyo wote, kwa sababu neno geni humfanya mtu aulize, na neno alijualo humpitisha mbio.

Je, ubao ule unasema "tunauza kilo za kangeta" au "tunauza kilo za miraa ya kutoka Kangeta"? Mlango ungekuwa umefunguliwa tungeona urefu wa vijiti tukaamua. Umefungwa. Tukaandika: "Aina ya miraa, yumkini, au mji wa Kangeta." Na bei tukaiandika 5 na nukta mbili, kwa kuwa nafasi iliyochanika inatosha tarakimu mbili nyingine. Hatukuandika mia tano. Mpwa wangu alinung'unika kidogo hapo. Alisema kila mtu atajua ni mia kadhaa. Nikamwambia kila mtu na ajue mwenyewe.

Katika jambo hili la miraa kuna neno jingine lililotawala kuta za Embu, nalo ni JABA. Vijana hulitumia kwa chochote kitafunwacho, miraa ya Meru yenye vijiti au muguka wa Mbeere ambao ni majani matupu. Mwezi Mei 2024 Kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata, Mahakama Kuu ya Embu ikatoa amri ya kusimamisha marufuku hayo, na ugomvi ukawa mkubwa baina ya wazazi wa kwetu na wakulima wa kwao. Wasomaji wengi wa ukurasa huu wana msimamo wao katika suala hilo, nami ninao wangu. Lakini JABA iliyochorwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa Embu haijui msimamo wangu. Inaweza kuwa ni tangazo, au maskani ya watafunaji, au jina la utani la kijana. Picha mbili kati ya tatu zilizo na neno hilo zina lakabu ya mchoraji pembeni, na hapo yamkini ya tangazo inapungua, kwa sababu mfanyabiashara haweki jina la mchoraji kwenye bidhaa yake. Ya tatu ina mshale unaoelekea uchochoroni. Hiyo tumeiandika: "Kielekezi cha mahali, yumkini."

Sasa nifike kwenye picha iliyonikosesha usingizi. Ni bango la karatasi lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme mjini Embu, mojawapo ya yale ya waganga yaliyojaa katika miji yote ya bara. Anajitangaza kuwa ametoka Pwani. Anarudisha mpenzi, anatafuta mali iliyoibiwa, anafungua riziki. Juu kuna mwezi na nyota, na chini ya mwezi mstari mmoja wa herufi za Kiarabu. Chini kabisa kuna mapambo ya mikunjo ya rangi ya dhahabu. Mwalimu mmoja, mtu mwema asiye na nia mbaya, alikuwa amekwisha kuandika maelezo: "Mganga wa Kiislamu atumia aya za Kurani." Mpwa wangu, ambaye ndiye Mwislamu pekee katika chumba cha walimu, hakutaka kugombana. Akasema: "Mjomba, wewe umehitimu juzuu zote. Ni aya gani?"

Nilikuza picha ile mpaka karatasi ikajaa. Mikunjo ya dhahabu nikaimaliza kwanza, kwani si herufi. Herufi za Kiarabu husimama juu ya mstari mmoja, na nukta zake zina mahali, moja, mbili au tatu, juu au chini. Mikunjo hii haina mstari, na nukta zake zimetawanywa kwa kupendeza macho. Ni pambo. Hapo niliandika hakika.

Mstari wa juu ulikuwa na herufi tano za kweli. Nikazisoma kutoka kulia kama tulivyofundishwa: qafu, ze, re, lamu, alifu. Hakuna neno kama hilo. Nikatazama tena, nikaona lamu imesimama peke yake, mkia wake umepinda chini kama ndoana. Lamu haisimami hivyo katikati ya neno. Hapo nikakumbuka kuwa mashine nyingi za kuchapia mabango hazikufundishwa Kiarabu. Ukizipa neno la Kiarabu hulimimina herufi mojamoja kutoka kushoto kwenda kulia, kama ni Kizungu, na hukata viungo. Nikageuza mwelekeo nikasoma kutoka kushoto: alifu, lamu, re, ze, qafu. Arrizqu. Riziki.

Kwa atakaye kulijaribu mwenyewe, kosa hili lina siri yake. Alifu, re na ze haziishiki herufi inayozifuata hata katika maandishi sahihi. Kwa hiyo katika neno hili zima kuna kiungo kimoja tu kilichopaswa kuwapo, cha lamu na re, na hicho ndicho kilichokatika. Mtu asiyeangalia sura za herufi hataona kasoro yoyote isipokuwa kwamba neno halina maana, naye atasema labda ni talasimu. Na ndivyo jirani yangu barazani alivyosema nilipomwonyesha. Aliitazama, akavuta uradi, akaniambia ni maneno ya kichawi yaliyoandikwa kinyumenyume kwa makusudi. Nikamwambia kinyumenyume ni kweli, makusudi sina dalili yake. Kiswahili cha bangoni chenyewe kinataja riziki mistari miwili chini, jambo linaloupa usomaji wangu nguvu.

Kwa hiyo si aya. Ni neno moja, nalo limeharibika katika kuchapwa. Kama mwenye bango anajua kusoma Kiarabu, sijui. Kama kosa ni lake au la mpiga chapa, sijui. Kama yeye ni Mwislamu, mwezi na nyota vya karatasi havitoshi kunijulisha. Tuliandika: "Bango la mganga. Herufi tano za Kiarabu, zimechapwa kinyume na bila kiungo. Neno ni riziki, hakika. Si aya ya Kurani, hakika. Mikunjo ya chini ni pambo." Yule mwalimu alipoisoma alikuja mwenyewe kwa mpwa wangu akamwomba radhi, na akauliza kama anaweza kuonyeshwa hiyo lamu.

Picha moja ilitufanya tucheke. Mwanafunzi alijipiga picha huko Siakago, Mbeere, ukuta ukiwa nyuma ya bega lake, na juu ya ukuta imeandikwa MATNAW. Wakalitafuta katika Kiembu, katika Kimbeere, wakafika mpaka Kikamba. Nilipoiona niliomba waitazame ile N. Mshazari wa N hushuka kutoka kushoto juu kwenda kulia chini, na hii ilikuwa inashuka kinyume. Simu nyingi mtu akijipiga mwenyewe huigeuza picha kama kioo. Igeuze tena, nayo ni WANTAM. Herufi zake zote isipokuwa N huonekana vilevile ndani ya kioo, ndiyo maana neno hili hudanganya kuliko mengine. Na kwa kuwa wapo wachoraji wanaoandika N kinyume kwa mikono yao wenyewe, tulithibitisha kwa bango la kura lililobandikwa pembeni, ambalo nalo tarakimu zake zilikuwa zimegeuka.

Wantam ni Kiingereza kilichovikwa tahajia yetu, maana yake muhula mmoja. Katiba inampa Rais nafasi ya vipindi viwili vya miaka mitano, na wasiomtaka Rais Ruto wakaanza mwaka 2025 kupaza sauti kwamba kimoja kinamtosha; wafuasi wake wakawajibu kwa "tutam". Bango lenyewe lilikuwa la uchaguzi mdogo wa Mbeere Kaskazini wa tarehe 27 Novemba 2025, na pembe yake ilifunika mguu wa M. Karatasi ikiwa juu ya rangi, rangi ilitangulia. Hilo ni hakika. Kwamba rangi ilipakwa kabla ya siku ya kura, hilo ni yumkini, kwa kuwa bango la kampeni kwa kawaida halibandikwi kura zikishahesabiwa.

Imebaki picha ya 31. Ni ya Runyenjes, ukuta wa kijivu wenye neno moja refu la rangi nyeupe, herufi zake zimesokotana kama ukili. Nimeifanyia kazi jioni sita. Nimefuata mifupa, nimetafuta kivuli, nimeipindua, nimeigeuza kama kioo. Nina hakika na herufi ya tatu kuwa ni K, na ya mwisho yumkini ni O. Mpwa wangu amewaonyesha vijana kumi na mmoja, mmojammoja. Wawili walisema ni jina la mtu, na kila mmoja jina lake. Wiki iliyopita alipanda matatu akaenda Runyenjes kuitazama kwa macho, kwani picha hupoteza yale ambayo mtu akisimama pembeni jua la asubuhi lingemwonyesha. Alikuta ukuta umepakwa rangi ya kijani na kampuni ya simu, kutoka juu mpaka chini, na vibarua wanakunja ngazi.

Maelezo ya picha ile yamebandikwa hivi: ". . K . . . [O]. Lugha: sijui. Maana: sijui. Kusudi: sijui. Ukuta haupo tena."